Jibu: Siku moja ya kazi inapotea wapi kwenye Excel?

"Wakuu, kutoka 14/4/2025 mpaka 2/5/2025 nikihesabu kwa kalenda napata siku 12 za kazi, Excel inanipa 11. Natoa wikendi halafu natoa sikukuu 4."

Mkuu, kalenda yako iko sahihi. Hapo wiki ni 3 kamili, Jumatatu hadi Ijumaa unapata 15, sasa angalia sikukuu zako moja moja: Ijumaa Kuu 18/4, Jumatatu ya Pasaka 21/4, Mei Mosi Alhamisi, lakini Muungano 26/4 mwaka huo iliangukia Jumamosi, ambayo ulishaitoa na wikendi, ukaitoa tena.

Acha kutoa kwa mkono, weka tarehe ya kuanza A2, ya mwisho B2, na sikukuu zako nne E2 mpaka E5 ukianza na Ijumaa Kuu, halafu tumia hii:

```
=NETWORKDAYS(A2,B2,$E$2:$E$5)
```

Sikukuu ya wikendi yenyewe inairuka. Hizo alama za dola usiziache kabisa, mi hapa Moshi zilinitesa kwenye shiti ya likizo za wafanyakazi, safu za juu poa, za chini siku zinaongezeka, kumbe nilivyokopi fomula kwenda chini jedwali la sikukuu nalo likashuka, E2 ikawa E3, Ijumaa Kuu ikabaki nje.

Tena inahesabu siku ya kuanza na ya mwisho zote, kama hesabu yako inaanza kesho yake weka A2+1.

Na kama hapo kwenu mnafanya kazi Jumamosi:

```
=NETWORKDAYS.INTL(A2,B2,11,$E$2:$E$5)
```

11 maana yake mapumziko ni Jumapili tu, hapo utapata 13, na Muungano sasa inatolewa kweli.