Miezi Sita ya Nini?

*Assalaam alaykum shangazi. Mume wangu ni mpishi hotelini Kiwengwa, mimi nakaanga maandazi nyumbani Fuoni. Tuna watoto watatu na mama mkwe. Kila masika hoteli humrudisha nyumbani bila ya mshahara, katikati ya Aprili mpaka katikati ya Juni, na kila mwaka tunakopa. Safari hii tunataka akiba ya dharura. Yeye kasikia iwe ya miezi sita, kapiga mshahara wake wa 550,000 mara sita, kapata 3,300,000, kakata tamaa. Mimi nasema nyumba yetu inakula 300,000 tu kwa mwezi. Tumegombana. Nimekutumia picha za daftari la duka, taarifa ya simu, na risiti za Tukuza na gesi, Oktoba hadi Machi. Kwenye simu tuna 350,000. Lengo letu liwe kiasi gani?*
*Mama wa Watatu, Fuoni*

Waalaykum salaam, mwanangu. Picha zako nimezitandika mezani tangu juzi. Ukurasa wa Disemba umeupiga na kivuli cha mkono wako, mistari mitatu ya chini nimeisoma kwa kukisia. Mengine yote yamesomeka.

Mumeo kapiga hesabu ya pesa inayoingia. Akiba ya dharura haihitaji kurudisha mshahara. Inahitaji kulisha nyumba, kuiwashia taa na kuilipia kodi mshahara usipokuwapo. Kwa hiyo 3,300,000 iweke kando. Yako wewe 300,000 ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu haikutoka hewani. Nilipozitoa taarifa za simu na kuziangalia peke yake, nilipata karibu hiyo hiyo. Kumbe umehesabu kinachopita kwenye simu, na deni la duka wewe unalilipa kwa pesa za maandazi, mkononi, halionekani kwenye simu hata kidogo. Bila ya lile daftari, chakula kikuu cha nyumba nzima kingekuwa hakimo kwenye hesabu.

Daftari lenyewe lina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba umechanganya nyumba na biashara. Ukurasa wa Novemba jumla yake ni 262,000, lakini ndani yake mna unga wa ngano, sukari na mafuta ya maandazi, jumla 120,000. Huo ni mtaji, si chakula chenu. Siku ukiacha kukaanga hutaununua. Ya nyumbani ni 142,000. Nimechambua kila ukurasa hivyo hivyo, mstari kwa mstari. Mtego wa pili ni tarehe: mchele mliokula Oktoba umeulipa Novemba. Fuata siku uliyochukua kitu, usifuate siku uliyolipa, la sivyo mwezi mmoja utaonekana umefunga na unaofuata umekula mara mbili.

Miezi mitano ya kwanza duka halikuvuka 151,000 na halikushuka chini ya 138,000. Wastani ni 143,000 kwa mwezi. Machi, mwezi wa Ramadhani, imeruka mpaka 226,000, na sikushangaa nilipoona tende, ngano ya boko boko na sukari ya tambi. Huo sikuutia kwenye wastani. Ramadhani haimvamii mtu, tarehe yake inajulikana, na mfuko wake uwe mbali pamoja na nguo za Idi.

Vitu vinavyonunuliwa kwa mkupuo navyo vinapotosha. Kodi mmelipa mara moja tu, Oktoba, 480,000 ya miezi sita. Anayetazama Novemba atadhani mnakaa bure. Igawe: 80,000 kwa mwezi. Mitungi mitatu ya gesi kwa 57,000 kila mmoja ni 171,000, yaani 28,500 kwa mwezi, na umeme wa Tukuza risiti zote sita zinafika 132,000, yaani 22,000. Sare, viatu na madaftari ya skuli vya Januari vilikuwa 96,000. Hivyo ni vya mwaka mzima, basi gawa kwa 12 upate 8,000. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuchukua mwezi mmoja uliotulia, akauita mwezi wa kawaida. Miezi mitatu ya kumbukumbu ndiyo uchache, sita ni bora, na ya mara moja kwa mwaka lazima itafutwe kwa makusudi.

Tatizo kubwa ni pesa taslimu. Taarifa ya simu inasema umetoa kwa wakala 1,230,000 katika miezi sita, wastani wa 205,000 kwa mwezi, basi. Haisemi zilikwenda wapi. Bahati nzuri mara moja uliandika soko kwa wiki mbili nyuma ya daftari: dagaa, mchicha, nazi, ndizi, siku moja changu wawili. Jumla 63,000 kwa siku 14, sawa na 4,500 kwa siku, 135,000 kwa mwezi. Ukiongeza nauli ya watoto 18,000, dawa ya presha ya mama mkwe 15,000 na madrasa 6,000, zinafika 174,000. Zilizotoka kwa wakala ni 205,000. Kuna 31,000 kila mwezi hazina mwenyewe. Mimi nadhani ni michango ya harusi ya mkono kwa mkono na soda za wageni, lakini wewe ndiye unayejua. Kama ni harusi, ziache nje. Kama ni samaki, lengo lote linabadilika, kwa hiyo andika soko wiki mbili nyengine, na usichague wiki nzuri.

Maji 5,000 na vocha 8,000 nimeziacha ndani. King'amuzi nimekitoa. Sare za harusi mbili nimezitoa, nawe usinune. Pesa anazotumiwa shemeji yako Pemba nimezitoa pia, ila hilo mkae mlizungumze na mumeo, maana nyumba nyengine hilo ni la lazima kuliko king'amuzi, na mimi si wa kuwaamulia.

Sasa jumlisha. Kodi 80,000, duka 143,000, soko 135,000, gesi na umeme 50,500, nauli na dawa na madrasa na maji na vocha 52,000, skuli 8,000. Ni 468,500. Zungusha juu: 470,000. Huo ndio mwezi mmoja wa nyumba yenu.

Upatu nimeuweka pembeni kwa sababu una tabia yake. Mtu ambaye zamu yake haijafika anaweka akiba. Wewe zamu yako umeshakula Februari, na imebaki michezo minne ya 30,000. Hiyo sasa ni deni, na mumeo akikosa kazi kesho wenzako hawatakusamehe. Lakini usiipige kwa miezi yote. Ni 120,000 iliyobaki, inaongezwa mara moja tu, na ikiisha inafutwa.

Tuje kwenye idadi ya miezi. Sita si hukumu. Jiulize: mumeo akipoteza kazi wakati mbaya kuliko wote, itapita muda gani kabla ya mshahara mwengine? Mpishi akiachishwa Agosti, hoteli zimejaa, atapata pa kujishikiza haraka. Akiachishwa mwisho wa Machi, nani atamwajiri Aprili kwenye mvua? Ataanza kutafuta kweli Juni, akipata ataingia mwanzoni mwa Julai, na mshahara wa kwanza ni mwisho wa Julai. Aprili, Mei, Juni, Julai: minne. Kwa nyumba yenu ndiyo namba yenyewe. Mfanyakazi wa serikali angeweza kutosheka na pungufu. Mchuuzi wa viungo anayetegemea watalii peke yake angehitaji zaidi.

Minne mara 470,000 ni 1,880,000. Ongeza upatu 120,000. Lengo lenu ni 2,000,000.

Maandazi sikuyapunguza humo, kwa kusudi. Faida yako ya 150,000 ni ya kweli, lakini wateja wako wengi, kwa majina niliyoyaona kwenye madeni yao, nao ni watu wa hoteli. Machi 2020 hoteli zilipofunga, mimi nilikuwa nauza bajia na niliamini biashara ndogo haiguswi. Mtaa mzima ulikaa nyumbani siku moja, na bajia nikala na wanangu. Kama maandazi yatauzika, vizuri: pengo la mwezi litakuwa 320,000, na ile 1,880,000 itakufikisheni karibu na miezi sita. Mwambie mumeo sita yake imo humo, kwa njia nyengine.

Jengine ni masika yenyewe. Hiyo miezi miwili ya kila mwaka si dharura, ni kalenda. Mkiila akiba Aprili kila mwaka, siku ya dharura ya kweli mtakuta mfuko mtupu. Miezi miwili kwa pengo la 320,000 ni 640,000. Ukigawa kwa miezi tisa, Julai hadi Machi, ni kama 71,000 kila mwezi, kwenye mfuko wake wenyewe. Huu ujazwe kwanza, kwa sababu una tarehe. Kinachobaki ndicho kiende kwenye ile milioni mbili, na isikushtue ikichukua misimu miwili au mitatu. Isikae kwenye simu ile ile unayolipia Tukuza. Akaunti ya benki isiyo na riba inatosha, ilimradi kuitoa pesa kuchukue siku moja na kusichukue mwezi. Kodi ikipanda au mtoto akiingia skuli mpya, piga upya.

Safari hii masika yameshafika, kwa hiyo msijaribu kujaza chochote mpaka Julai. Hizo 350,000 kwenye simu, kwa 470,000 ya mwezi, ni siku 22 za nyumba. Ndivyo nilivyoandika mwanzo. Halafu nikarudi kwenye kodi. Mliyolipa Oktoba ilikuwa ya miezi sita, imekwisha Machi, na kwenye taarifa yote sioni malipo mengine ya kodi. Mwenye nyumba anazisubiri 480,000. Nenda kazungumze naye kabla hajaja yeye, muombe apokee ya miezi miwili sasa na nyengine Julai, na hizo 350,000 usiziite akiba tena mpaka mmalizane.