Kabla hujakopa pesa za kamera, soma viambatisho vya CAG

Juzi binti mmoja anayemalizia diploma ya uandishi wa habari aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Magazeti yanakufa. Nikope ninunue kamera nifungue chaneli yangu?"

Gazeti nililolitumikia lilipopunguza watu, sisi wa mikoani ndio tuliotangulia kutolewa, na malipo ya stori zangu za mwisho sijayaona hadi leo. Waliobakizwa ni waliojua kuhariri video. Baadaye nao waliachwa, maana kazi ile sasa kila kijana anaifanya kwa simu yake. Mimi napigiwa simu na wahariri kila Aprili, akiwemo mmoja ambaye zamani alikuwa hapokei zangu. Acha nijisifu kidogo, nimengoja sana.

Wananitafutia ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwisho wa Machi Mkaguzi Mkuu anamkabidhi Rais, matangazo yanarushwa mubashara, na jioni vyombo vyote vina kichwa kimoja. Aprili inapowasilishwa bungeni na kuwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, wengi wameshahamia stori nyingine. Mimi ndipo naanza. Nafungua ripoti ya serikali za mitaa, naruka muhtasari, nashuka mpaka kwenye viambatisho, kule kwenye majedwali yenye jina la halmashauri na kiasi cha fedha.

Mwaka mmoja nilikuta halmashauri ya jirani imeandikiwa shilingi milioni 48 chini ya "malipo yasiyo na nyaraka toshelezi". Mtandao mmoja ukaandika kwamba milioni 48 za zahanati "zimetafunwa". Mkaguzi hakusema hivyo. Alichosema ni kwamba hakuonyeshwa karatasi za kuthibitisha matumizi. Huenda fedha imeliwa, huenda risiti ziko kwenye droo ya mtendaji wa kijiji. Kulijua hilo ni kazi ya mwandishi, na haifanyiki ukiwa umekaa.

Kwanza niliangalia mwaka wa fedha. Ripoti inayotoka Aprili inahusu mwaka ulioishia Juni 30 iliyotangulia, kwa hiyo mkurugenzi uliyemkuta ofisini pengine siye aliyelipa. Kisha nikasoma majibu ya menejimenti yaliyonukuliwa chini ya hoja: walidai nyaraka zipo kijijini, kwa kuwa ujenzi ulikuwa wa force akaunti. Maana yake fedha ilipelekwa chini, wanakijiji wakaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, wakamtafuta fundi wao. Basi nyaraka za kutafuta ni mihtasari ya vikao, risiti za EFD, na daftari la kupokelea vifaa.

Nikapanda bodaboda. Jengo lilikuwepo, limeezekwa, ila halina milango wala dari. Mjumbe wa kamati ya mapokezi, mama mmoja mkulima, alinitolea daftari la shule lenye mistari: saruji mifuko kadhaa, nondo, mabati. Upande wa milango hapakuwa na kitu. Lakini kwenye orodha ya malipo niliyoonyeshwa halmashauri, milango na fremu zilikuwa zimelipiwa. Stori yangu ikawa hapo, kwenye milango iliyolipiwa ambayo aliyepaswa kuipokea hajawahi kuiona. Ilikuwa fedha ndogo kuliko milioni 48, lakini hakuna aliyeweza kuikanusha. Yule wa "zimetafunwa" aliombwa kukanusha, akakanusha.

Mdogo wangu, kuhariri picha utajifunza, wala sikukatazi. Ila jifunze kutofautisha maoni ya mkaguzi: hati yenye shaka, yaani hesabu ziko sawa isipokuwa maeneo fulani, na hati mbaya, yaani hesabu kwa ujumla hazionyeshi hali halisi. Jifunze kuuliza swali kwa maandishi: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu, na barua yenye mhuri wa mapokezi inamfanya afisa afikiri mara mbili kabla ya kukuzungusha. Na ukienda halmashauri kwa jambo hili, usipokee bahasha ya nauli. Nauli yangu nailipa mwenyewe, ndiyo maana yule mama alinitolea daftari lake.

Sikufichi, haitajirishi. Stori moja kama hii inakula siku nyingi na malipo yake ni yale yale ya stori ya semina hotelini, isipokuwa ukiuza mara mbili. Mimi naandika ndefu kwa gazeti moja, kisha natengeneza kipindi kwa redio ya jamii ya eneo husika, maana wasikilizaji wake wanaijua zahanati yenyewe. Hapo rekoda ya simu inatosha.

Chukua ripoti ya mwaka huu, tafuta halmashauri uliyozaliwa, na uniandikie umekuta nini kwenye kiambatisho. Tukimaliza hapo, tutaongea bei ya kamera.