Maswali na Majibu: Siku, Majeraha na Vitu katika Hadithi ya Pamoja

Tunaandika hadithi moja watu wanne kwa zamu, na sasa tumefika sura ya 18. Turekodi nini kwanza katika jedwali letu la siku, majeraha na vitu?

Anzeni na siku, kwa sababu jeraha lisilo na siku haliwezi kuhesabiwa kupona, na kitu kisicho na siku hakijulikani kilikuwa kwa nani wakati tukio fulani linatendeka. Chagueni tukio la kwanza la wakati uliopo wa hadithi, mliite siku ya 1, kisha mrudi kusoma sura zote 18 mkilipa kila tukio namba yake ya siku pamoja na wakati wake, yaani alfajiri, mchana, jioni au usiku. Mambo yaliyotokea kabla ya hadithi kuanza hupewa namba za kurudi nyuma, kwa mfano siku 40 kabla.

Kando ya kila namba, nakilini maneno yenyewe ya sura yaliyowapa namba hiyo. Kama sura inasema "siku tatu baadaye", andikeni hivyo hivyo. Na kama haikusema lolote nanyi mmekisia, wekeni alama ya kuonyesha kwamba ni makisio. Tofauti hiyo ina faida kubwa, kwa kuwa makisio mnaweza kuyabadilisha kesho bila msomaji kujua, lakini neno lililokwisha kusomwa limewafunga.

Lugha yetu ina mtego mmoja ambao nimeuona ukiharibu hesabu za waandishi makini kabisa. Mwandishi mmoja akiandika "usiku wa Ijumaa" anaweza kukusudia usiku unaoanza jua la Alhamisi likizama, na mwenzake akaelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Tayari mmepishana siku nzima, na kila mmoja ana haki. Kubalianeni kwamba ndani ya jedwali siku huanza alfajiri, na ndani ya sura andikeni "usiku wa kuamkia Ijumaa" pale inapohitajika. Kumbukeni pia kwamba sura moja ikishataja jina la siku, siku zote nyingine zimepata majina: ikiwa siku ya 5 ni Ijumaa, basi siku ya 12 na ya 19 nazo ni Ijumaa, na soko la kila Jumatatu haliwezi kufunguliwa siku ya 14.

Mhusika wetu alivunjika mkono wa kushoto katika sura ya 7. Katika sura ya 11 mwenzangu amemfanya avute kamba ya mashua kwa mikono miwili. Tunarekebishaje bila kubomoa hadithi?

Ulinitumia na muhtasari wa sura hizo, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Mkono ulivunjika siku ya 23. Sura ya 8 inaishia siku ya 26. Sura ya 9 ni safari ya wiki moja, nayo inawafikisha siku ya 33. Sura ya 10 inaanza "siku mbili baadaye", yaani siku ya 35, na sura ya 11 inafunguliwa kwa maneno "siku tatu zilipopita", yaani siku ya 38. Kati ya kuvunjika na kuvuta kamba kuna siku 15 tu.

Mfupa wa kigasha cha mtu mzima, hata ukiwa umepata ufa bila kuhama mahali pake, kwa kawaida hukaa ndani ya hogo au banzi kwa muda wa wiki 6 hivi, na nguvu kamili huchukua miezi kadhaa kurudi. Ukivunjika vibaya zaidi muda huo hurefuka. Siku ya 15 uvimbe unaweza kuwa umepungua na maumivu ya kukaa tu yametulia, na nadhani hali hiyo ndiyo iliyomdanganya mwenzako, maana sura ya 10 haitaji maumivu hata mara moja. Lakini mfupa bado haujashikana kiasi cha kubeba uzito wa mashua. Hata siku ambayo hogo linatolewa, kiwiko na kifundo cha mkono huwa vimekakamaa, msuli umekonda, na ngozi imekauka. Mhusika anayefunguliwa hogo asubuhi na kupanda mti jioni ni kosa lile lile lililosogezwa mbele.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kupunguza jeraha, mkono uwe umeteguka badala ya kuvunjika. Njia hiyo imefungwa, kwa sababu sura ya 7 imekwisha kusomwa na inaeleza sauti ya mfupa.

Ya pili ni kurefusha muda, kwa mfano kuongeza siku 30 kabla ya sura ya 11, ili tukio liwe siku ya 68, siku 45 baada ya jeraha. Jaribuni kwanza njia hiyo dhidi ya kila kitu kingine chenye tarehe. Mwezi hauna tatizo: sura ya 8 ina mwezi mpevu siku ya 25, na kwa kuwa kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi, siku ya 68 inaangukia karibu pale pale siku ya 38 ilipokuwa, yaani siku 13 na nusu baada ya mwezi mpevu, hivyo giza la sura ya 11 linabaki kuwa giza. Kinachowazuia ni yule kijana aliyejificha pangoni. Alijificha siku ya 28 akiwa na chakula cha siku 10, na sura ya 9 imesisitiza kwamba hawezi kutoka. Mkiongeza siku 30 huenda mkamkuta amekufa kwa njaa.

Inabaki njia ya tatu, ambayo ningeichagua hata kama nyingine zingewezekana: tendo libadilike. Azungushe kamba kiunoni, aweke miguu kwenye ubao wa mashua, avute kwa uzito wa mwili na mkono wa kulia, huku wa kushoto umefungwa kifuani. Atakwenda polepole zaidi, na mashua inaweza kugonga mwamba ambao mwanzoni iliukwepa. Kwa namna hiyo jeraha linaendelea kufanya kazi ndani ya hadithi. Kisha andikeni katika jedwali: kigasha cha kushoto, siku ya 23, sura ya 7, hakuna kuinua wala kuvuta hadi siku ya 65, udhaifu hadi takriban siku ya 110. Huo mpaka wa siku ndio mwandishi wa sura inayofuata anaouhitaji, kwa sababu neno "amevunjika" pekee halimwambii ni lini ataacha kuwa amevunjika.

Je, mikwaruzo na michubuko nayo iandikwe?

Iandikwe ikiwa inaonekana usoni au mikononi, au ikiwa inazuia tendo. Damu iliyovilia chini ya ngozi hubadilika rangi kutoka nyekundu au zambarau kuelekea kijani na manjano, kisha mara nyingi huisha katika muda wa wiki mbili hivi. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi hizo hufifia, na ni salama zaidi kueleza uvimbe na maumivu ya kuguswa. Nyuzi za kidonda cha usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, na za mguuni zinaweza kukaa hadi siku 14. Kovu halina siku ya mwisho, kwa hiyo lipewe mstari wake wa kudumu. Kushoto na kulia viwe vya mhusika mwenyewe daima, si vya anayemtazama. Makovu mengi yanayohama shavu yanatokana na hapo.

Ufunguo wa sanduku umeonekana kwa watu wawili katika sura mbili zinazofuatana, na hakuna anayekumbuka umefikaje huko.

Jedwali lenu linasema "ufunguo: uko kwa shangazi". Mstari kama huo huzeeka siku ile ile kitu kinapohama, na mtu akisahau kuufuta unakuwa uongo. Rekodini mahamisho. Kila kitu kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, ongezeni mstari mpya wenye sura, siku, kilikotoka, kilikokwenda na hali yake, wala msifute ule wa zamani. Mkitaka kujua kiko wapi siku ya 31, soma mstari wa mwisho uliotangulia siku hiyo.

Nimezisoma sura zenu, na naamini kosa halikutokea pale mlipolitafuta. Katika sura ya 4 shangazi anatia ufunguo katika mfuko wa ndani wa koti. Katika sura ya 6 anamvika mtoto mgonjwa koti hilo hilo, na hakuna neno lolote kuhusu mfukoni. Aliyeandika sura ya 12 aliamini shangazi bado anao, na aliyeandika sura ya 13 aliamini umekwenda na koti. Huyu wa pili ndiye aliyefuata maandishi. Kitu kilicho ndani ya kingine husafiri kimya kimya, kwa hiyo safu ya "kiko wapi" itaje chombo chenyewe, "ndani ya koti la kahawia", na kila koti, mkoba au gari likibadili mikono, pitieni vyote vilivyomo.

Vitu vinavyokwisha, kama risasi, viberiti na dawa, vinahitaji idadi iliyobaki baada ya kila matumizi. Kama hamtaki kuhesabu, msiitaje idadi hata mara moja.

Wenzangu hawajazi jedwali. Nimechoka kuwakumbusha.

Mara nyingi jedwali limekuwa refu kupita faida yake. Mwombe kila mmoja akabidhi sura yake pamoja na mistari michache tu: siku ilipoanza na ilipoishia, nani ameumia au amepona, na kitu gani kimehama. Mtu mmoja, kwa zamu, ayaingize. Wawili wakiandika kwa wakati mmoja, watangaze mapema wanachukua siku zipi na vitu gani, ili ufunguo mmoja usitumiwe na wote wawili usiku mmoja.

Je, mhusika hawezi kukosea siku yeye mwenyewe?

Anaweza, na mtu mwenye homa au aliyefungwa gizani hukosea kweli. Jedwali litenganishe kauli ya mhusika na masimulizi: "mzee anasema zimepita siku 5, ni siku 8". Bila alama hiyo, mwenzenu atalisahihisha kosa mlilolikusudia, au atajenga sura nzima juu ya zile siku 5.