Mzamia pweza mwenye otosklerosisi: upasuaji wa kikuku au mashine ya sikio?

Swali: "Wakuu, nina miaka 36, naishi Msimbati, kazi yangu kuzamia pweza. Masikio yote mawili yanapungua, la kulia ndiyo zaidi. Nimepimwa Dar, wakaniambia ni otosklerosisi, yaani kimfupa cha sikioni kimeganda, nichague upasuaji wa kukibadilisha au mashine ya sikio maisha yote. Mashine naionea aibu, na betri huku kwetu ni shida. Aliyepitia anisaidie, nishike lipi?"

Mdogo wangu, huyo daktari ulimwambia kwamba unazamia? Kama hakukuuliza na wewe hukusema, basi hayo machaguo mawili amekupa kama anavyompa mtu wa ofisini, na mizani yako haiko hivyo.

Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Lindi, nina miaka 49, na nimeyaonja yote mawili. Sikio la kulia lilipasuliwa 2017. La kushoto linavaa mashine mpaka leo. Ugonjwa wenyewe ulinianza baada ya mtoto wa pili, na marehemu mama naye alikuwa hivyo hivyo, tukidhani ni uzee. Shuleni walisema naringa kwa sababu nilikuwa naongea kwa sauti ya chini. Kumbe sauti yangu mwenyewe naisikia kubwa ndani ya kichwa, za wenzangu ndizo hazifiki. Nikitafuna korosho ndiyo kabisa, mtu anaweza kunitukana nisijue. Cha ajabu, mashine ya kusaga ikinguruma ninasikia watu vizuri kuliko sebuleni, maana pale kila mtu anapaza sauti na mngurumo wenyewe haunifikii sana. Ukiona dalili hizo unazo, wala hupati kizunguzungu wala usaha, huenda wamekupima sawa.

Lakini hakikisha. Kwa sisi Waafrika ugonjwa huu si wa kawaida kama ulivyo kwa Wazungu, na mzamiaji anaweza kupungukiwa na usikivu kwa mambo mengine: nta iliyovimba kwa maji, ngoma iliyotoboka, sikio la ndani lililoumia kwa mgandamizo. Tafuta karatasi yako ya kipimo cha usikivu. Ina mistari miwili kwa kila sikio. Mmoja ni wa sauti inayopita hewani, yaani kwa vile vifuniko vya masikioni. Mwingine ni wa mfupa, ule wa kidude kinachobanwa nyuma ya sikio. Kwenye otosklerosisi kimfupa cha mwisho kabisa sikioni, kinachoitwa kikuku, kimegandishwa na mfupa mpya uliomea kuzunguka unyayo wake, kwa hiyo sauti haisukumwi kuingia ndani. Sikio la ndani likiwa zima, mstari wa mfupa unabaki juu, wa hewa unashuka, na katikati panakuwa na pengo.

Namba ikiwa kubwa, usikivu ni mdogo. Langu la kulia lilisoma hewa 60, mfupa 20. Pengo desibeli 40. Upasuaji unaziba hilo pengo tu. Mfupa wako ukisoma 20, usitegemee kusikia kwa 5 hata akupasue bingwa wa mabingwa. Usishtuke ukiona mstari wa mfupa umezama kidogo kwenye sauti za hezi 2000. Hiyo mara nyingi ni kwa ajili ya huo mgando wenyewe, na kwangu ulipanda baada ya upasuaji. Pia waulize kama walipima mshtuko wa msuli wa kikuku, ule unaojikaza kuzuia makelele. Kwenye ugonjwa huu kwa kawaida haupatikani, hata kama kipimo cha ngoma kinaonyesha ngoma inatikisika vizuri.

Sasa upasuaji. Nilichomwa ganzi sikioni, nikawa macho. Daktari anapita kwenye tundu la sikio, anainua ngoma kama unavyofunua ukurasa, anaukata na kuuondoa upinde wa kikuku, kisha kwenye unyayo wake anatoboa kitundu. Zamani waliung'oa unyayo wote. Siku hizi wengi wanatoboa tu, chini ya milimita 1, na humo wanaingiza pistoni nyembamba iliyoning'inizwa kwenye mfupa wa jirani. Ilipokaa sawa nilimsikia daktari akimwambia nesi asogeze taa, na aliisema taratibu tu. Nililia palepale mezani, wakaniambia nisitikise kichwa.

Baadaye walijaza pamba sikioni, uziwi ukarudi hadi zilipotolewa. Siku tatu nilitembea kwa kushika ukuta. Ulimi upande wa kulia ulikuwa na ladha ya bati kwa miezi mitatu, kwa sababu mshipa wa ladha unapita hapo hapo wanapofanyia kazi. Kupiga chafya ilikuwa kwa mdomo wazi, kupenga kamasi marufuku, ndoo ya maji nisinyanyue, ndege nisipande hadi wanipe ruhusa. Nilikaa wiki mbili Mbagala kwa shangazi, nikarudi Lindi kwa basi. Sahani zikigongana nilikuwa naruka, maana ule msuli wa kuzuia makelele hukatwa pamoja na kikuku. Mwezi wa tatu nikapimwa: hewa 25. Pengo limebaki 5.

Hiyo ndiyo sura nzuri, na ndiyo ya wengi. Kwa mkono uliozoea, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 pengo lao linazibika hivyo. Lakini karibu mtu 1 kwa 100 hulipoteza sikio hilo moja kwa moja. Mimi nililazwa na dada mmoja ambaye siku ya nne alikuwa anasikia, siku ya kumi kizunguzungu kikaongezeka na sauti ikawa inapotea. Alikuwa keshatoka wodini, akasema asubiri tarehe ya kliniki. Aliporudi sikio lilikuwa limekufa. Kusikia kukishuka baada ya kuwa kumepanda, na dunia ikizunguka upya, unarudi siku hiyo hiyo.

Na hapa ndipo mizani yenyewe ilipo. Sikio lililokufa kwa upasuaji halisaidiwi na mashine ya kawaida, kwa sababu mashine inakuza sauti tu, na anayepaswa kuipokea ndani hayupo tena. Ukianza na mashine, upasuaji unaweza kuufanya hata mwakani. Ukianza na upasuaji ukaharibika, mashine nayo umeipoteza kwa sikio hilo. Ndiyo maana wanapasua lililo baya kwanza, wanangoja miezi kadhaa hata mwaka kabla ya kugusa la pili, na mwenye sikio moja tu linalosikia hawamgusi. Mimi la kushoto (hewa 45, mfupa 15) nimeliacha kwa makusudi. Ni akiba yangu.

Kwako kuna la ziada. Ukishuka pima tano na nusu, yaani mita 10 hivi, mgandamizo ni mara mbili ya juu. Sasa una ngoma inayosukumwa ndani, nyuma yake mifupa, na mwisho wa mifupa pistoni iliyochomekwa kwenye kitundu cha sikio la ndani. Siku una mafua, masikio yamegoma kufunguka, ukaziba pua na kupuliza kwa nguvu: pistoni inaweza kuingia kupita kiasi, au maji ya sikio la ndani yakavuja pembeni yake. Kizunguzungu kikikupata nchi kavu unashika ukuta. Kikikupata chini huko hujui hata juu ni wapi. Madaktari wengi wa masikio humkataza mtu kuzamia maisha yote baada ya upasuaji huu. Wapo wanaoruhusu baada ya muda, kwa masharti. Wa kwako yuko upande gani, ni lazima alitamke kabla hujasaini.

Kwa hiyo usiseme "upasuaji au mashine". Kwako ni upasuaji na kuacha kuzamia, au mashine na kuendelea. Kama ulikuwa na mpango wa kuhamia kwenye ufuta au kununua pweza badala ya kumkamata, hesabu inabadilika, na mimi ningesema sikio la kulia lipasuliwe. Kama bahari ndiyo ada ya watoto, vaa mashine.

Tena mashine kwa ugonjwa wetu inafanya kazi vizuri kuliko kwa wazee, kwa sababu sikio la ndani ni zima, linataka sauti ikuzwe tu. Omba uazimwe ya majaribio hata wiki mbili. Siku za kwanza sauti yako itakuwa kama unaongea ndani ya mtungi. Ikipiga mluzi, kizibo hakijakaa vizuri sikioni, kirudishe wakitengeneze upya, usipunguze sauti.

Betri umesema kweli. Yangu inatumia namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya chungwa, moja kama siku kumi, na ukishabandua kibandiko imeanza kuisha hata usipoitumia. Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga nilifundisha siku kadhaa kwa sikio moja. Tangu hapo naweka pakiti tatu ndani. Wewe ulizia ya kuchaji. Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa mlangoni kwenu, na umeme ukikatika sola ndogo ya simu itatosha.

Adui mkubwa ni unyevu na chumvi. Isifike kwenye mtumbwi. Iache nyumbani, ukirudi oga, kausha sikio, ndiyo uvae. Usiku ilale kwenye kopo lenye chembe za kukausha unyevu, zile za kwenye maboksi ya viatu lakini za kununua, zinazobadilika rangi zikishiba. Mimi nilianza na mchele kama watu wanavyosema, vumbi lake likaziba kitundu cha maiki.

Aibu siwezi kukuvua. Wanafunzi wangu waliniita "bibi redio" kama mwezi hivi, wakachoka.

Pima usikivu kila mwaka, kwenye karatasi uangalie mstari wa mfupa. Ukianza kushuka masikio yote, ujue ugonjwa umegusa ndani, na upasuaji utakaoufanya baadaye utarudisha kidogo kuliko leo. Hiyo ndiyo gharama ya kungoja. Niandikie hapa namba zako za hewa na mfupa kwa kila sikio, na useme huwa unashuka pima ngapi.