Themosi ya kahawa isiyo na ladha ya chuma

"Nataka themosi ya kwenda nayo kazini. Niliyonayo inatunza moto vizuri, ila kahawa inanuka chuma. Ninunue ipi?"

Kabla hujanunua, ijaribu hiyo uliyonayo. Iweke maji yaliyochemka, funga, acha saa mbili, kisha mimina kwenye kikombe cha udongo uonje. Maji yakiwa safi, stili haina kosa. Chomoa ule mpira wa kifuniko uunuse: mafuta ya kahawa hujificha chini yake, yakachacha, na kila kahawa mpya hupita hapo. Uloweke kwenye maji moto ya sabuni, usugue na mfereji wake kwa mswaki. Ukiendelea kunuka, badilisha mpira tu.

Maji yenyewe yakiwa na ladha ya chuma, tafuta iliyopakwa kauri ndani. Inabaki na kuta mbili za stili zisizo na hewa katikati, kwa hiyo moto hautoroki, ila kahawa haigusi chuma. Usiisugue kwa stilwulu, kauri itachubuka. Ya kioo ndani ndiyo safi kabisa kwa ladha, lakini ikidondoka imekwisha. Kwa mtu wa safari siipendekezi.

Angalia na kifuniko. Joto jingi hupotelea hapo, na kama kina chuma upande wa ndani au mdomoni, kauri ya chini haitakusaidia sana. Mimi ningechukua chenye vipande vichache vinavyofunguka vyote, na mdomo mpana unaopitisha brashi.