Vitunguu vyenye masizi: vipi vya kupika, vipi vya kutupa

Nimenunua sado ya vitunguu hapa Mwanga, nikimenya nakuta unga mweusi kama masizi. Nitupe vyote?

Usitupe bado, dada. Huo ni ukungu unaotoka udongoni, na unapenda joto lenye unyevunyevu, ndiyo maana Kigoma miezi ya mvua tunauona sana. Kawaida hukaa kati ya ganda kavu na tabaka la kwanza la nyama. Vua ganda, toa na hilo tabaka lenye madoa, suuza kitunguu kwa maji yanayotiririka, kisha kikate. Nyama ikiwa nyeupe na ngumu, kaanga.

Juzi nilimenya kumi vya namna hiyo. Saba vilikuwa safi baada ya tabaka moja, viwili nikatoa matabaka mawili. Cha kumi weusi ulikuwa umeteremka kutoka shingoni, na chini yake nyama imelowa kama karatasi iliyomwagiwa maji. Hicho nilitupa bila kujadiliana nacho.

Usiupulize unga huo jikoni. Mwenye pumu au mzio wa ukungu asimenye, na ni heri asivile kabisa.

Kimeota majani katikati na moyo umelegea. Si kinakuwa sumu kama kiazi kilichoota?

Hapana, sumu ya kiazi kilichoota haimo kwenye kitunguu. Chipukizi linakula sukari iliyowekwa ndani, kwa hiyo nyama inapungua utamu na kuwa laini. Jani lenyewe linalika. Mimi nalikatia kwenye mayai.

Ila kulegea kuna aina mbili. Kipasue toka shingoni hadi kwenye kitako cha mizizi. Moyo ukiwa mkavu kama sifongo au una uwazi, na matabaka ya pembeni ni meupe, toa moyo upike. Lakini ukiona tabaka la kahawia au la manjano linaloteleza, kama limeshachemshwa, na ukibonyeza shingo yanatoka maji yenye harufu chachu, hapo kimeoza.

Kilichooza upande mmoja, nikikatia pale pabovu nitumie panapobaki?

Wengi hufanya hivyo, mimi sifanyi. Tabaka la kitunguu linaanzia shingoni hadi kitakoni, na uozo hulifuata lote, hata pale unapoona bado peupe. Na kukipika hakukirudishi.

Nina genge Ujiji. Gunia likifika kutoka Singida, baada ya wiki mbili vingi vimeharibika.

Limwage siku hiyo hiyo, usiliache limefungwa. Bonyeza shingo za vyote kwa kidole gumba: vyenye shingo laini uza leo au weka vya nyumbani, vyenye shingo kavu vitandaze juu ya mbao au chaga ya fito, hewa ipite chini. Sakafu ya saruji ina unyevu. Viazi viweke mbali, vina unyevu wake navyo. Na lile turubai la nailoni unalofunika usiku lifunike juu ya fito, lisiguse vitunguu.