Troponini iko juu, imepanda au inapanda?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura na huwaandikia wagonjwa na ndugu zao maelezo mafupi ya majibu ya maabara kwa Kiswahili. Mwenzangu huandika "troponini imepanda" kila namba inapozidi kawaida. Mimi naona "iko juu" ndiyo sahihi. Na ikipimwa mara tatu au nne, tuandike inapanda, imepanda au ilipanda?

JIBU: Ndugu muuguzi, kwa kipimo kimoja uko sahihi wewe, na sababu yake iko katika sarufi kama ilivyo katika maabara. Kiambishi -me- katika "imepanda" kinabeba mambo mawili kwa pamoja, kwamba kuna badiliko lililotokea na kwamba matokeo yake yapo hadi sasa. Hakuna anayesema bei ya sukari imepanda kama hajui ilikuwa kiasi gani juzi. Mwenye namba moja mkononi anajua kimo tu, hajui mwendo, kwa hiyo sentensi anayoweza kuitetea ni "kiwango cha troponini kiko juu ya ukomo wa kawaida". Kitenzi cha mwendo kinahitaji angalau vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa saa tofauti.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa sababu troponini ni protini ya ndani ya chembe za msuli wa moyo, na chembe hizo zikijeruhiwa huivujisha kwenye damu, ila damu haisemi jeraha limetokea lini. Namba 60 inaweza kutoka kwa mtu aliyeanza kuumwa kifua alfajiri ya leo, na inaweza kutoka kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye amekuwa na 60 mwaka mzima. Ndiyo maana fasili ya kimataifa ya mshtuko wa moyo, toleo la nne la mwaka 2018, inadai kupanda au kushuka kwa troponini, huku angalau namba moja ikiwa juu ya ukomo. Ukomo huo ni kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya hawakipiti. Kwa kipimo cha troponini T chenye unyeti wa juu kinachotumika sana, ni nanogramu 14 kwa lita, ambazo kwenye karatasi ya majibu utaziona zimeandikwa 14 ng/L.

Tuchukue chati moja, niliyoitunga kwa mfano. Mwanamume ameanza kuumwa kifua saa 10 alfajiri. Damu ya kwanza imetolewa saa 12 asubuhi, jibu ni 22. Ya pili saa 3 asubuhi, 96. Ya tatu saa 9 alasiri, 410. Ya nne saa 12 asubuhi ya siku ya pili, 285. Saa 12 ya siku ya kwanza uliweza kuandika tu kwamba kiwango kiko juu kidogo ya kawaida. Saa 3 ulipata ruhusa ya kitenzi, kwa kuwa namba imekua zaidi ya mara nne ndani ya saa tatu, na hapo "imepanda" ni sahihi kabisa. Je, "inapanda"? Kiambishi -na- kinadai kwamba mwendo unaendelea wakati unaandika, ilhali chati yako inakoma kwenye sampuli ya mwisho, na baada yake huoni kitu. Ningependelea uufunge mwendo kwa saa: "kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi troponini imepanda kutoka 22 hadi 96". Siku ya pili, ukiwa na namba zote nne, Kiswahili kinakupa kiambishi -ka- cha matukio yanayofuatana, ambacho kinasimulia umbo zima kwa maneno machache: "ilipanda hadi 410, ikashuka hadi 285".

Angalia pia neno "kilele", ambalo wengi huliandika haraka mno. Namba kubwa kuliko zote kwenye chati hii ni 410, lakini kati ya saa 9 alasiri na kesho yake asubuhi hakuna damu iliyotolewa, na katika jeraha la ghafla troponini hufika kileleni mara nyingi kati ya saa 12 na 24 tangu maumivu yaanze. Huenda usiku ilifika 500 au 600 bila mtu kuiona. Andika "kiwango cha juu kabisa kilichopimwa", usiandike "kilele kilikuwa 410".

Sasa chati ya pili, ya mama mwenye ugonjwa sugu wa figo: 64, kisha 61, kisha 66, kwa vipimo vya saa tatu tatu. Mwenzako angeandika kwamba ilishuka ikapanda. Namba zenyewe zimefanya hivyo, lakini kitenzi kinadai zaidi ya kile damu ilichofanya, kwa sababu kupima sampuli ileile mara mbili nako huleta tofauti ndogo, na mwili wenyewe hubadilika kidogo saa hadi saa. Kanuni inayotumika kiwango kinapokuwa tayari juu ya ukomo ni kwamba badiliko lisilozidi asilimia 20 halihesabiwi kuwa mwendo. Kutoka 61 hadi 66 ni kama asilimia 8 tu. Sentensi yake ni "iko juu na imetulia", na jina la hali hiyo ni jeraha sugu la msuli wa moyo. Naipenda "imetulia" kwa sababu -me- hapa inaeleza hali inayodumu, kama tunavyosema mtu amekaa au amelala, na ndugu wa mgonjwa huielewa bila kufafanuliwa.

Chati hii ndiyo inayodanganya jicho zaidi. Kompyuta nyingi hujichagulia mizani ya wima kulingana na namba zilizopo, hivyo mhimili ukianzia 60 na kuishia 67, mstari wa mama huyu utaonekana kama bonde na mlima. Soma namba zilizoandikwa kando ya mhimili kabla ya kuufuata mstari, kisha uangalie mhimili wa saa, kwa kuwa baadhi ya chati huweka saa ya jibu kutoka maabara badala ya saa ya kuchoma sindano. Sampuli ya mwisho ikicheleweshwa maabara, mwendo huonekana mpole kuliko ulivyo.

Asilimia nazo zina mpaka. Kutoka 10 hadi 13 ni ongezeko la asilimia 30, lakini ni nanogramu 3 tu, na chini huko tofauti ndogo huzaa asilimia kubwa bila maana yoyote. Kwa namba ndogo, tofauti kamili ndiyo inayosema kweli. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2020, katika utaratibu wa kupima mgonjwa anapofika na tena baada ya saa moja, unahesabu badiliko la nanogramu 5 au zaidi kwa kipimo hiki cha troponini T kuwa dalili nzito, na badiliko la chini ya 3, pale namba ya kwanza ilipokuwa chini ya 12, kuwa la kutuliza wasiwasi. Kwa hiyo ukiwa na 10 na 13, andika namba zote mbili na umwachie daktari uamuzi wa kupima tena, kitenzi kisubiri.

Mtego mgumu kuliko yote ni wa mgonjwa aliyechelewa. Tuseme mtu amevumilia maumivu siku mbili nyumbani ndipo akaja. Namba yake ya kwanza ni 780, na baada ya saa tatu ni 745. Badiliko halifiki asilimia 5, kwa hiyo ukifuata kanuni ya asilimia 20 kwa upofu utaandika "iko juu na imetulia", kana kwamba ni ugonjwa wa zamani. Kumbe yuko kwenye mteremko mrefu: troponini T hubaki juu kwa siku 10 hadi 14 baada ya mshtuko mkubwa, na mteremko wake ni wa polepole kuliko mwinuko. Kesho yake jibu likija 520, theluthi moja imeshaondoka na mwendo unajionyesha. Karibu na kilele nako sampuli mbili zinaweza kuangukia pande mbili za mlima zikatoa namba zinazofanana. Ndiyo maana maelezo ya chati hayakamiliki bila saa maumivu yalipoanza, na ikiwa mgonjwa amekuja kwa kuchelewa, sentensi salama ni "iko juu sana, ndani ya saa tatu haijabadilika vya kutosha kuonyesha mwendo, itapimwa tena". Ile "haijabadilika" ni bora kuliko "haibadiliki", kwa maana -ja- huacha mlango wazi kwa badiliko ambalo bado halijaonekana.

Kuhusu "imeshuka" nina tahadhari nyingine, na hii ni ya upande wa msomaji wako zaidi. Ndugu wa mgonjwa akisoma "troponini imeshuka" atasikia kwamba moyo umepona, kama anavyosikia homa imeshuka. Kushuka kunaonyesha kwamba protini iliyovuja inaondoka kwenye damu na kwamba uvujaji mpya umepungua; sehemu ya msuli iliyokufa haijarudi. Ongeza sentensi moja ya kusema hivyo. Vivyo hivyo usiandike "mshtuko wa moyo" kwa kutazama chati peke yake. Mwinuko na mteremko unathibitisha jeraha la ghafla, lakini uvimbe wa msuli wa moyo unaosababishwa na virusi, au damu iliyoganda na kuziba mshipa wa mapafu, huweza kuchora umbo hilohilo. Jina la mshtuko hutolewa na daktari akiunganisha chati na dalili, kipimo cha umeme wa moyo na picha.

Upatanisho wa kisarufi ni mwepesi: troponini imepanda, kiwango kimepanda, viwango vimepanda. Chagua kimoja ndani ya maelezo yale yale usichanganye.

Limebaki suala la mgonjwa wa rufaa anayefika na jibu la kituo kingine. Jibu la kwanza limeandikwa 0.04 ng/mL, lenu ni 52 ng/L. Ukibadilisha kizio, 0.04 ng/mL ni 40 ng/L, na mkono unakuwasha kuandika kwamba imepanda kutoka 40 hadi 52. Lakini huenda kile kilikuwa troponini I kwa mashine ndogo ya kando ya kitanda na chenu ni troponini T. Ni protini mbili tofauti, zenye ukomo tofauti, na hata troponini I ya mashine mbili za watengenezaji tofauti hailingani namba kwa namba. Hapo hakuna kitenzi cha mwendo kinachofaa. Andika kila jibu na mashine yake na ukomo wake, halafu "vipimo hivi havilinganishwi, mfululizo wetu unaanza na 52".